Sheria ya Watu Wawili

Jumapili, 14 Septemba 1975

Loo, leo! Baa ya Otter haijawahi kujaa hivi. Saa sita mchana Bi Ivy, mwenye baa, amefungua mlango, saa sita na robo hapana pa kuweka kiwiko. Watu wamemwaga bia, wamecheza, mama mmoja amecheza na mbwa wake. Sisi wanne juu ya makreti ya bia yaliyopigiliwa mbao: Dougie gitaa na sauti, Wilf ngoma, Stella kwenye piano ya baa isiyo na meno matatu, na mimi besi. Amplifaya zetu ndogo tu, spika mbili za sauti basi. Ngoma hazina maikrofoni, zinapigwa zilivyo. Plagi yetu imechomekwa pale pa sanduku la santuri, lile la kutia sarafu, maana soketi ni moja. Makundi makubwa yana malori matatu na moshi wa barafu, wimbo mmoja nusu saa! Sisi tuna gari la samaki la shemeji yake Wilf. Linanuka, lakini linafika.

Halafu yule bwana. Koti la mvua, kofia, glasi ya limau. Nilidhani ni mtu wa kampuni ya santuri, nikajishebedua na solo ndefu. Kumbe ni mkaguzi wa leseni, anatuhesabu! Saa nane, Bi Ivy alipogonga kengele ya kufunga, akamfuata. Baa isiyo na leseni ya muziki inaruhusiwa wapigaji wawili tu.

Bi Ivy akamuuliza, na piano je, maana ni ya baa?

Piano si kitu, mama, akasema. Anayeipiga ndiye mtu wa tatu.

Jumatano, 17 Septemba

Kikao jikoni kwa Stella. Bi Ivy ataomba leseni, itachukua wiki kadhaa, na baa lazima ikaguliwe. Tukiacha Jumapili zetu, kundi lingine litazikalia. Sasa nani wawili?

Nikasema mimi. Otter nimeitafuta mimi. Nilikwenda kutengeneza jiko la gesi la Bi Ivy, nikambembeleza mpaka akachoka. Jina la kundi, Spana, nimetoa mimi, nusu ya nyimbo ni zangu.

Dougie akaniuliza kwa upole, unaimba wewe, Lio?

Siimbi. Nikiimba paka wanahama.

Basi ni yeye na Wilf. Stella alicheka, akasema atapata Jumapili ya kulala. Mimi sikucheka. Nikawaambia gitaa na ngoma bila besi ni nyumba bila sakafu, kidole kimoja hakivunji chawa.

Wilf ni tarishi, anaamka saa kumi alfajiri, mdomo wake haulali. Akasema: Ndugu yangu, kimoja hakivunji. Sisi tuko viwili!

Jumapili, 21 Septemba

Nitaandika ukweli, maana hakuna atakayesoma. Nilikwenda nikiomba waharibikiwe.

Nimekaa mwisho wa kaunta na sahani ya jibini na vitunguu vya siki. Wimbo wa kwanza Dougie aliyumba. Ana tabia ya kusubiri besi yangu impe kasi, leo akasubiri, hakuna. Nikafurahi — ndiyo, nilifurahi! Wimbo wa tatu akatupa ile plastiki ya kupigia, akaanza kukwaruza nyuzi kwa kucha, nene na nyembamba kwa pamoja, chaka-chaka-chaka, mkono mmoja ukifanya kazi ya watu wawili. Wilf akamshika hapohapo. Hakuna solo, hakuna madoido. Wimbo ukiisha, Dougie anahesabu mpaka nne, mwingine unaanza, watu hawajapata hata nafasi ya kupiga makofi. Bi Ivy akalalamika kwamba hakuna anayekuja kununua bia, wote wanaruka!

Halafu wakapiga wimbo wangu wa jiko la gesi. Mimi niliutunga wa dakika sita. Wamekata beti mbili, wamekata solo yangu, wakaupiga mbio. Dakika mbili na sekunde kumi, nimepima kwa saa ya ukutani. Watu wakataka urudiwe.

Na mguu wangu, msaliti huyu, ulikuwa unagonga chini ya kiti. Mwishowe nikasimama nikacheza. Wivu ninao, na huku ninacheza!

Jumatatu, 22 Septemba

Majiko manne leo. Nimeunguza kidole. Hasira tupu.

Jumapili, 5 Oktoba

Watu wamepanga foleni nje saa tano na nusu. Mbele kabisa kuna vijana watatu wapya, nywele wamezikata wenyewe kwa mkasi wa jikoni, unaona kabisa. Msichana wao anaitwa Corinne, anafanya kazi kwa dobi. Hawachezi, wanatazama vidole vya Dougie tu. Wakati wa mapumziko Corinne akanijia kwenye kaunta.

Akauliza, gitaa lile ni bei gani?

Nikamwambia ni la zamani, si la bei.

Na yeye amejifunza miaka mingapi?

Nikamwambia, mama yangu, wimbo ule wa kwanza una kodi tatu tu, mikao mitatu ya vidole. Nikamwonyesha kwenye ukingo wa kaunta, vidole hapa, hapa na hapa. Akaijaribu kwa vidole vyake. Kisha akawageukia wenzake akasema kwa sauti: Hata sisi tunaweza!

Nilitaka kumwambia si rahisi hivyo. Nikaona ningekuwa mwongo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Barua ya leseni imekuja kwa Bi Ivy. Mlango wa nyuma lazima ufunguke kwa nje, usiwe na komeo, watu wakikimbia moto wasije wakabanana. Taa ya dharura. Makreti ya jukwaa yafungwe yasiteleze. Watu mia na ishirini, wasizidi. Fundi wa milango amempa miadi ya Januari.

Wilf akasema kwa utani, leseni ya nini tena, mbona mambo yanakwenda?

Watu wakacheka, hata Dougie. Mimi sikulala. Akufukuzaye hakwambii toka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeung'oa mlango wa nyuma mwenyewe. Bawaba zina kutu ya tangu vita. Nimeugeuza, nimeranda ukingo, nimefunga fimbo ya chuma badala ya komeo, unaisukuma kwa kiuno mlango unafunguka. Kazi ya saa tisa nzima. Bi Ivy ameniletea mkate na soseji, akakaa kwenye pipa kunitazama.

Akaniuliza: Lionel, mlango huu ni wa watu wa moto au ni wa kukurudisha wewe?

Nikamwambia yote mawili, Bi Ivy. Naogopa. Nikarudi nisipokelewe, je?

Hakunifariji. Ivy Mundy hana mazoea hayo. Alisema tu kwamba marehemu mumewe alikuwa anaongea sana mezani, na siku alipojifunza kunyamaza ndipo alipoanza kumpenda. Nimeudhika njia nzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimebeba kinasa sauti cha kaseti, nimekiweka juu ya sanduku la santuri. Dada yangu ananidhihaki, ati jasusi wa kundi lake mwenyewe.

Jumanne, 28 Oktoba

Chumbani, kaseti na besi. Nimepiga nilivyozoea: napanda, nashuka, najaza kila tundu. Nikajisikiliza. Mungu wangu! Kama mgeni anayemkatiza kila mtu. Miaka mitano nimewapigia makofi wale mabwana wa nyimbo za nusu saa, na vidole vyangu vimenenepa kwa maneno.

Nikafanya wazimu. Nimeng'oa nyuzi mbili. Zimebaki mbili nene. Huwezi kuropoka kwa nyuzi mbili! Nikapiga nota moja, nikangoja, nikapiga nyingine. Pale Wilf anapokanyaga ngoma kubwa, hapohapo, si kabla si baada. Kaseti yote ikasimama wima. Nimecheka peke yangu mpaka dada akagonga ukuta.

Jumapili, 9 Novemba

Corinne ana gitaa! Kalinunua kwa mtu wa mitumba, nyuzi nne badala ya sita. Kundi lao wamelipa jina ambalo siwezi kuliandika hata humu. Nyimbo zao tano zote zinaisha ndani ya dakika nane. Wamemwomba Bi Ivy wapige wakati wa mapumziko. Wako watatu, akawaambia mkae mpaka karatasi ya leseni ije, nami sitaki kwenda jela kwa ajili ya nywele hizo.

Kwa hiyo sasa si mimi tu ninayengoja.

Jumatatu, 24 Novemba

LESENI IMETOKA! Bwana wa koti la mvua alikuja kusukuma mlango wangu. Akausukuma kwa kiuno, akausukuma tena, akatabasamu — mara ya kwanza! Aliuliza nani fundi. Bi Ivy akasema, ni mtu wa tatu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mazoezi. Sijui niandike nini. Nilikuwa na hofu, na hofu ikanirudisha kulekule. Nyuzi mbili, na bado nilipata njia ya kuropoka! Stella alikuwa mzuri, mkono wa kulia tu, ting ting, basi. Dougie hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alisema Jumapili wataanza wao wawili nyimbo tatu, watu wamezoea hivyo, sisi tupande wimbo wa nne. Ule mpya, ambao mimi sijausikia.

Nikauliza, na ikiwa wimbo wa nne hautaki besi?

Akafunga sanduku la gitaa. Akasema, tutaona, Lio.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika stoo ya chini, juu ya pipa. Juu yangu ndipo jukwaa lilipo. Mia na ishirini wameingia, Bi Ivy anawahesabu mlangoni kwa njugu mfukoni, na waliobaki nje wanasikilizia dirishani. Corinne na wenzake watapiga wakati wa mapumziko, amekwisha kutapika mara moja kwa woga, sasa anacheka. Stella amepanda, yuko pembeni ya piano. Besi iko magotini pangu.

Wimbo wa kwanza umekwisha. Dakika mbili kasoro.

Wa pili. Vumbi linaangukia karatasi, wanaruka wote. Ee, jinsi wanavyopiga vizuri! Nawapenda, hawa washenzi. Hata kama wasiponihitaji, nitasema wazi, ni furaha kuwa chini ya miguu hii.

Wa tatu. Huu ni wangu wa jiko la gesi. Bila mimi, na watu wanauimba wote.

Umekwisha. Makelele. Nisimame? Wangeniita. Dougie anahesabu, moja, mbili — ameanza! Ameuanza wimbo mpya, hakuniita. Na Stella ameingia, ting. Basi. Wamejaza watatu.

Hapana. Ngoja.

Wilf anakanyaga mara moja, halafu kimya. Dougie amenyamaza pale. Stella amenyamaza pale. Tena. Mzunguko wa pili, palepale, kila mmoja anaruka mahali hapo kama shimo la barabarani. Nota mbili. Ni pana kiasi cha nota mbili za besi. Hawalijazi, wanalizunguka, mara ya tatu sasa, na watu wameanza kupiga mguu chini kwa kulingojea —

Plagi ya besi iko wapi