Jina Ulilompa Mume Wangu

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, uvimbe wa mguu umepungua na mama hajachoka kukukumbusha dawa. Sisi huku tu wazima. Mimi nimenenepa kidogo, na mama akiuliza, mwambie bado, ni raha tu ya ndoa.

Baba, huu ni mwezi wa tano wa ndoa yetu, na bado nikisikia funguo za mume wangu mlangoni moyo unaniruka. Anarudi kutoka karakana ya vioo na unga wa kioo kwenye nyusi, nami namsimamisha kizingitini nimfute kwa kitambaa chenye maji, maana unga ule haupanguswi kwa mkono mkavu. Anafumba macho kama mtoto anayeogeshwa. Mimi namfuta taratibu kuliko inavyohitajika. Nakueleza haya ili ujue kwamba hasira utakayoisoma haitoki kwa mke asiye na furaha. Inatoka kwa mwenye furaha aliyekanyagiwa furaha yake, na aliyeikanyaga ni wewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikata kabla sijafika katikati.

Siku ya harusi ulisimama, ukagonga glasi kwa kijiko, ukasema huna nyumba wala shamba la kumpa mkweo, lakini una jina. Kwamba ulingoni uliitwa Nyundo miaka kumi na mmoja, na kuanzia siku ile Nyundo ni yeye. Watu walipiga meza. Mimi nililia mpaka wanja ukanichuruzika. Mume wangu aliinama, akakushika mkono kwa mikono miwili, akasema ahsante baba. Angesema nini kingine? Mkwe wa saa tatu, mbele ya wageni wote wale, akatae zawadi?

Lakini wewe ni bondia, baba, na ulishamwona akipigana. Nyundo ni jina la mtu anayekwenda mbele. Wewe ulikuwa unakwenda mbele, unapokea mbili ili utie moja, na pua yako ni shahidi. Mume wangu haendi mbele. Anarudi nusu hatua, anamwacha mwenzake arushe mkono wa kushoto, anainamisha kichwa ngumi ipite juu ya sikio, na kabla mkono ule haujarudi kulinda kidevu, wa kulia wa mume wangu umeshafika. Ngumi za ridhaa ni raundi tatu tu, na majaji wanatafuta ngumi safi zilizofika, si vurugu. Kwa mtindo huo alishinda mapambano tisa kati ya kumi na moja, akitangazwa kwa kazi yake tu, fundi vioo.

Pambano lake la kwanza akiwa Nyundo, mtangazaji alipolitaja tu jina, ukumbi mzima ulianza kupiga viti. Raundi ya kwanza akasubiri kama kawaida yake. Nyuma yangu mmoja akauliza hiyo nyundo wameisahau nyumbani, mwenzake akamjibu imeazimwa na jirani. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Uliinuka pale mbele ukamwambia aponde, jina lile halijawahi kurudi nyuma. Raundi ya pili akaenda mbele. Nilimwona mume wangu akimwacha mume wangu kwenye kona. Akashindwa.

Akashindwa na la pili. La tatu alirusha kwa nguvu zote, mwenzake akainama, ngumi ikatua juu ya kichwa, mahali pagumu kuliko pote. Akashindwa tena, na mkono ukavimba chini ya kidole gumba. Siku tisa hakuweza kushika kisu cha kukatia kioo, bosi wake akampa ufagio. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na kila kifungo nilikibusu, lakini usidhani nilikuwa nafurahi. Nilimuuliza kwa nini anakimbilia ngumi za watu. Akaniambia kwamba ukumbi ukianza kuliita jina lile, analisikia kwenye miguu. Na kocha alishamwambia, akishindwa tena, nafasi yake kwenye timu anapewa mwingine.

Alikuja kwako. Alikuja kwa adabu zote, mkono umefungwa bendeji, akakuomba aliweke jina chini. Ukamwambia Nyundo si shati la kujaribu na kurudisha dukani. Ukaongeza kwamba jina hilo litamfanya mwanamume. Hayo alinieleza huku akiangalia sakafu. Baba, sijawahi kukukasirikia hivyo tangu nizaliwe. Mume wangu alikuwa mwanamume kabla hujamjua. Ulichompa si jina, ni pua yako.

Nikaenda kwa mtangazaji, ambaye mchana ni kinyozi. Huku akimnyoa mteja ndevu alinifundisha mengi ambayo wewe, bingwa, hukuyafikiria. Kwamba jina la ulingoni litoke kwa pumzi moja, na watu wa nyuma walidake mara ya kwanza. Lisiahidi usichokuwa nacho, kwa sababu watu watakudai hichohicho. Tena lisifichue silaha: alikuwepo kijana aliyejiita Mkono wa Kushoto, na kila mpinzani aliingia ameshaufungia mlango mkono huo. Na lisichekeshe. Nikampa Kinyonga, yule mteja akacheka na povu mdomoni, likafa palepale. Nikampa Subira, kinyozi akaniuliza kama anayepigana ni dada yangu. Kivuli likawa na mwenyewe tayari. Nikamweleza basi jinsi mume wangu anavyopigana, kwamba hasemi mpaka wewe useme, na ukisema kwa nguvu anakujibu kwa nguvu hiyohiyo. Kinyozi akasimamisha wembe. Nikasema Mwangwi.

Akanipeleka kwenye ukumbi mtupu, akanisimamisha ukutani kabisa, akalitamka kutoka ulingoni. Lilifika zima. Akasema halimwambii mpinzani chochote mpaka amesharusha ngumi, na hapo amechelewa. Nikaijaza mwenyewe fomu ya pambano lililofuata, penye nafasi ya jina la ulingoni.

Sasa baba, hapa ndipo penye kosa langu. Mume wangu asingekubali kuitwa jina lingine bila ruhusa yako. Kwa hiyo nilimdanganya. Nilimwambia umenipigia simu, umesema Nyundo limestaafu na umemchagulia Mwangwi wewe mwenyewe. Aliketi kitandani, akasema wewe ni mtu mkubwa. Nilikwenda jikoni nikauma kitambaa cha vyombo.

Jumamosi iliyopita, mguu wako ukiwa umekuweka nyumbani, alitangazwa. Akarudi nusu hatua. Mwenzake akarusha, akakosa, akajibiwa. Akarusha tena, akajibiwa tena. Kufika raundi ya tatu yule kijana alikuwa anaogopa kunyoosha mkono wake mwenyewe, na watu walikuwa kimya wakisubiri jibu. Majaji wanne kati ya watano walimpa mume wangu. Alishuka uso mzima, mzuri, baba, mzuri mpaka nikaona aibu kumtazama mbele za watu.

Jumapili hii anakuja kwako kukushukuru. Ameshapiga pasi suruali. Atakushika mkono kwa mikono miwili kama siku ile, na atakushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya. Ukitaka kumwambia ukweli, mwambie, nami nitabeba mzigo wangu. Uongo nakuomba unisamehe. Jina siombi radhi. Lakini kama ukiona anavyokutazama ukashindwa kusema, basi nyamaza, upokee shukrani, na kuanzia hapo uwe kweli yule mtu anayemdhania.

Msalimie mama, mwambie kanga aliyonipa naivaa. Wasalimie majirani wa upande wa pili wa ukuta. Ukifika mwisho wa barua hii, ichome kabla ya Jumapili.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na anayekupenda,

Mke wa Mwangwi