Yule Dada Niliyemwita Mama

Juzi alikuja mteja, nikamwambia, "Shikamoo mama." Basi mjukuu wangu, akanuna palepale. "Kwani mie nimekuzaa?" Akageuka aondoke. Na fundi samani ninayemfanyia kazi hapa Keko alishasema nikikimbiza mteja mwingine, kazi basi.

Umeniuliza jirani yenu mpya umwiteje. Kiukoo mie babu yako, ingawa nimekuzidi miaka minne tu, na jibu lake nimelijua hiyo juzi. Yule mteja nilimkimbilia. "Samahani dada, nimekuona na mtoto mgongoni, nikaona nikuheshimu."

Akacheka sana. "Haya mdogo wangu, nioneshe vitanda."

Kwa hiyo anza na "habari za saa hizi", halafu msikilize yeye atakuitaje. Akisema mdogo wangu, huyo dada. Akisema mwanangu, mpe shikamoo yake.

Mama yangu anakusalimia, goti lake limepona. Naondoka, guta la kubebea mizigo limefika, nampelekea dada kitanda chake Tabata.