Maziwa ya Alfajiri

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Njoro tuko wazima, na babu yako anakusalimia. Umeuliza kama tulipobatizwa tuliacha ya zamani.

Miaka ya hamsini, tukiishi kwenye shamba la mzungu, mama yangu alinyunyiza maziwa kuelekea jua likichomoza, akimwomba Asis, Mungu wetu. Matone yalishika mwanga ndani ya ukungu. Mwalimu wa dini akamwonya aache, la sivyo hatabatizwa.

"Mwalimu, kwani Mungu wako hayuko mashariki?"

"Yuko kila mahali, mama."

"Basi mimi nilimjulia huko."

 Jumapili mwalimu akambatiza, akampa jina Maria.

Kesho yake mama akanyunyiza maziwa vilevile, kisha akamalizia, "Kwa jina la Yesu." Mwalimu, aliyekuja kwa maombi ya asubuhi, akavua kofia, akaitikia, "Amina."

Nakuombea kila kukicha,
Kogo, nyanya yako