Kaka Yako Yuko Nyuma Msimu Mzima

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo? Goti la mama linaendeleaje? Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafasi ya kukaa chini na kuisoma. Sisi hatujambo. Cherehani zangu mbili zinafanya kazi, na kaka yako amerudi salama baada ya miezi mitatu ya kufunga mitambo ya vyumba vya baridi huko kusikokuwa na mtandao. Amekonda kidogo, lakini mdomo wake uko vilevile.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa karatasi. Ni kwa sababu ya ujumbe wako wa Jumatano. Simu ilikuwa mezani katikati yetu, ikawaka, maneno yako yakajitokeza yote: “Vipi, ameshafika pale kwa bibi?” Niliifunika kwa nguo ya mteja. Kaka yako akauliza bibi gani, nikamwambia ni habari za majirani zenu. Nisamehe, nimewasingizia watu.

Unajua kosa langu. Tamthilia ile ya nyumba ya wageni tuliianza pamoja, mimi na yeye, tukaahidiana hakuna wa kumtangulia mwenzake. Msimu wa kwanza ukaisha, naye akaondoka. Nilivumilia wiki mbili, upweke ukanizidi, nikautazama msimu wa pili wote nikiwa nawe kwenye simu. Aliporudi nilimwambia ukweli. Hakugomba. Alisema tu kwamba kule kambini alikuwa akijilaza na kukisia yatakayotokea, ili akija tuyaone wote. Iliniuma, wifi. Nikaapa kwamba hata kama mimi nimeshaona, yeye atayaona kama mtu asiyejua lolote.

Si kazi ndogo. Kwanza nilimfungulia profaili yake, kwa sababu yangu ilikuwa inataka kuendelea pale nilipoishia mimi. Nikazima ile hali ya sehemu inayofuata kujianzisha yenyewe. Rimoti naishika mimi, maana ukishuka kwenye orodha ya sehemu, kila moja ina picha na maelezo, na picha ya sehemu ya tisa ni watu waliovaa nguo za msiba.

Kazi ngumu zaidi ni yeye mwenyewe. Kaka yako hatazami, anapeleleza. “Yule daktari ndiye mwizi, sivyo?” Nikikataa, nimesema. Nikinyamaza, nimesema zaidi. Kwa hiyo kila kisio, liwe sahihi au la kipuuzi, jibu langu ni moja: “Tutazame.” Na simtaji mhusika yeyote mpaka yeye amtaje, kwa sababu nimeshasahau lipi lilijulikana lini.

Kisha akaanza kuusoma uso wangu, nikawa nainama kushona kwa mkono. Akagundua kwamba sindano ikisimama kuna jambo linakuja. Basi nikajizoesha kushona kwa mwendo uleule, hata watu wakifukuzana na mapanga. Ndivyo nilivyoishona mikono yote miwili ya shati la kiongozi wa kwaya ikazibika kabisa. Alikuja kulijaribu, ngumi ikagoma kutokea upande wa pili. Kaka yako alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Alhamisi jioni tukafika sehemu ya nane. Alikuwa anampenda sana yule bibi mwenye nyumba, na tangu asubuhi alikuwa akipanga: bibi atapona, atamrithisha mjukuu, atawafukuza wale wapangaji wajeuri. Nikamjibu, “Tutazame,” na roho yangu ikiwa juu. Bibi alipoanza kuzima taa chumba kimoja baada ya kingine, mimi nilijua. Nilihesabu mishono.

Bibi akafa. Machozi yalimtoka kaka yako, mtu mzima yule, mpaka majina ya waigizaji yakaisha. Nilifurahi, na ilinisikitisha pia, kwamba nimefaulu.

Nilidhani atanilaumu kwa kumwacha apange mambo mazuri siku nzima. Akanigeukia, akauliza, “Siku uliyoyaona haya, mimi sikuwepo?”

Nikamwambia, “Hukuwepo.”

Akasema, “Pole sana, mke wangu.”

Wifi, nililia kuliko nilivyolia nawe kwenye simu.

Msalimie mama, na shemeji dereva, na mwanao, yule Kipara wetu. Mwambie meno yataota tu. Mungu awafunike kwa heri na alainishe goti la mama. Msimu wa tatu umetoka na najua umeshaanza. Usiniambie hata neno moja. Safari hii nataka niwe pale alipo kaka yako.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa dhati,
Mama Sindano.