Pikipiki Anayoisikia Mama Tumaini

Idete, Ifakara

Dada yangu Nyanzala,

Shikamoo dada. Huko Maswa mmeamkaje, na kiuno cha mama kinasemaje siku hizi? Mvua mmepata, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi huku miili ni mizima. Doto amenipita urefu na anakula kama mtu anayetoka kulima bonde zima peke yake. Baba yake bado anawanung'unikia ng'ombe wake kila asubuhi, halafu jioni anawaimbia.

Nimeamua kuandika kwa sababu kijana wetu Masunga anapanda basi la huko kesho, na kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu. Nitalia, nawe utalia, kisha mtandao utakatika na kila mmoja atabaki na kilio chake.

Dada, naogopa. Najua utacheka, maana mimi ndiye niliyekuwa nakimbia hata kuku akipiga kelele. Safari hii nina sababu. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni ili nione kijia cha kwenda kwenye maji, na kila nikimaliza mstari nainua kichwa.

Namhofia jirani yangu, Mama Tumaini. Nimewahi kukutajia, yule Mndamba aliyenifundisha kupika kambale bila harufu ya tope. Tulipofika hapa na ng'ombe wetu, wenyeji wengi walitutazama kwa pembeni, na sikuwalaumu. Yeye alikuja na bakuli la mboga, akaniuliza jina la mtoto, akaanza kuniita Mama Doto. Mpaka leo kijiji kizima kinaniita hivyo.

Mwanawe mkubwa, Tumaini, alikuwa anaendesha bodaboda kati ya hapa na Ifakara. Masika haya maji yamepanda juu ya barabara pale kwenye kivuko nyuma ya mashamba. Vijana wenzake waligeuza. Yeye alitaka kufika nyumbani mapema, akajaribu, na maji yakamchukua. Walianza kuitoa pikipiki, yeye wakampata baadaye huko chini kwenye matete. Alikuwa kijana mpole, dada. Hakuwahi kunipita njiani bila kusimama kuniamkia.

Msibani mimi nilikaa jikoni. Nilisugua masufuria mpaka yakawa mapya. Nilimwambia pole, nikamshika mkono, nikakimbilia kwenye vyombo. Niliogopa mdomo wangu mwenyewe. Nilijua nikiufungua tu atatoka Kulwa wangu, na akishatoka sitaweza kumrudisha ndani.

Wakati wa mchana alikuja Mama Happy kutoka Mkula, anayeimba kwaya pamoja na Mama Tumaini. Ni mwanamke mwenye roho nzuri, usije ukamfikiria vibaya. Alikaa kwenye mkeka karibu na mfiwa, akamwambia, "Najua unavyojisikia, mwenzangu, hata mimi nilipofiwa na mume wangu," akaanza. Akaeleza ugonjwa, akaeleza hospitali, akaeleza ndugu wa mume walivyogombania mabati. Alilia kwa kwikwi. Wanawake wote wakamgeukia yeye, pole Mama Happy, pole. Nami nikamwona Mama Tumaini, aliyemzika mwanawe jana yake, akiinuka taratibu kwenye mkeka. Alikwenda kwenye mtungi, akamchotea mgeni wake maji ya kunywa, akamwambia, "Jikaze, mwenzangu." Kisha akarudi kukaa. Baada ya hapo hakuzungumza na mtu. Ukimsemesha anakuitikia kwa kichwa.

Tanga likaanuliwa, watu wakaondoka. Mume wake akarudi kwenye kazi yake ya miwa huko juu Kidatu, maana ruhusa ilikwisha. Ndipo nikaanza kuiona miguu ya Mama Tumaini. Kila jioni khanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na miguu ina tope jeusi lile la kivukoni. Huku kwetu maji hayo yana mamba, dada, na viboko wanatoka jua likishuka. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amechezewa. Mmoja akaniambia nisimkaribie.

Sasa mpunga umebeba, na sote tunashinda mashambani kuamia ndege. Shamba langu na lake yanapakana, kwa hiyo nilihamishia mkeka wangu mpakani. Tukawa tunakaa bega kwa bega, macho kwa ndege, tunapiga madebe. Sikumuuliza chochote. Nilikuwa nikimtaja Tumaini kwa jina tu inapotokea, kwa mfano kwamba hili debe ndiye aliyenitobolea tundu la kamba. Wengine walikuwa wameacha kabisa kulitaja hilo jina mbele yake, kana kwamba alikuwa amesahau na wao wangemkumbusha.

Siku moja jua likianza kuinama akaacha kupiga debe.

"Mama Doto, unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Pikipiki."

Nikasikiliza. Ndege na upepo kwenye mpunga, basi. Nikasema, "Mimi sisikii. Wewe unaisikia?"

"Kila siku saa hizi. Ya Tumaini, silensa mbovu, naijua. Nikiisikia miguu inanyanyuka yenyewe. Nakuja kushtuka niko kwenye maji." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nimekuwa kichaa? Usinifiche. Wengine nikiwaambia wananiambia niombe tu."

Dada, Kulwa alinifika mdomoni. Yote yalikuja kwa mpigo: ile zahanati, mama akipiga kelele uani, wewe ukinivua ile khanga niliyombebea. Nilitaka kumwambia yote. Halafu nikakumbuka kile kikombe cha maji alichomchotea Mama Happy. Nikajiuliza, huyu ameniuliza nini hasa? Hajaniuliza kama nimewahi kufiwa. Ameniuliza kama ni kichaa. Basi nikachambua kama ninavyochambua mchele, katika yangu yote lipi linamjibu yeye? Nikaona ni moja tu.

Lakini kwanza nilimuuliza lile nililokuwa naliogopa zaidi. Nilihofia kwamba nikilitaja nitakuwa nimemtia wazo, ila kunyamaza kulinitisha kuliko kusema. "Ukifika kwenye maji, unataka kuingia? Unataka kufa?"

Ndege wakatua, hatukuwafukuza. "Sitaki kufa," akasema. "Nataka kuona kama ni yeye. Ila naiogopa miguu yangu."

"Naomba nikuambie kitu kimoja changu, kifupi, halafu turudi kwa Tumaini. Kikikulemea nikatishe."

Akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilifiwa na mtoto. Baada ya kumzika nilikuwa namsikia akikohoa chumba cha nyuma. Nilikuwa nainuka kwenda kumfunika shuka. Sikuwa kichaa. Masikio yangu yalikuwa bado yanamngoja."

Nikaishia hapo. Hujui ilivyokuwa ngumu kuishia hapo, nilitia pindo la khanga mdomoni nikaliuma. Sikumwambia najua unavyojisikia, kwa sababu sijui. Wangu aliumwa, nilimshika mkono. Wake alikwenda peke yake kwenye maji.

"Ilikwisha?" akaniuliza.

Nilitamani kusema ndiyo. "Kwangu ilipungua polepole. Kwako sijui itakuwaje. Hiyo silensa ilikuwa inaliaje?"

Basi, dada, akafunguka. Kwamba Tumaini aliifunga kwa waya, kwamba akifika kwenye mashine ya kukoboa alipiga honi ili mama yake abandike maji ya ugali, kwamba siku ile alikuwa ameshabandika na maji yakachemka mpaka yakakauka sufuriani. Aliniambia hilo la sufuria tena na tena, nami nikalisikiliza kila mara kana kwamba ni jipya. Alilia, akacheka, akalia. Kwelea walikula mpunga wangu wa upande ule wote na baba Doto alinisema sana jioni. Mwache aseme.

Tukakubaliana jambo. Akiisikia pikipiki, asiende njia ya maji, aje kwangu au aniite kwa sauti, tuisikilize pamoja. Nilimwomba ruhusa nimwambie mume wake, akakubali, na mwanamume yule alilia kwenye simu kama mtoto, akaomba ruhusa nyingine. Nilimsindikiza pia kwa muuguzi wa zahanati. Naye alimuuliza lile lile la kutaka kufa, bila kuzungukazunguka, nikapumua kidogo kwamba sikukosea. Ametuambia turudi kila wiki, na ikizidi twende hospitali Ifakara.

Lakini hofu haijaniacha. Kuna jioni anakuja, na kuna jioni anachelewa, nami nasimama kijiani nikiwa nimeshikilia kisu cha mboga kama mjinga.

Jana tulikuwa uani kwangu tunachambua mchicha. Pikipiki ikalia kweli, ikitokea upande wa kivuko, silensa mbovu. Safari hii hata mimi niliisikia. Yeye akainuka, nikaushika mkono wake, akatembea nami nyuma yake mpaka mwisho wa uwanja. Akapita bodaboda mwingine na magunia yake, akatuamkia. Mama Tumaini akaitikia marahaba. Akasimama akimtazama akitokomea, kisha akageuka mwenyewe, akarudi kukaa kwenye mchicha wake.

Baadaye akasema, "Mama Doto. Doto ni pacha."

"Ndiyo."

"Basi aliyekuwa anakohoa ni Kulwa." Akaweka chini sinia. "Miaka yote hii nakuita Mama Doto. Doto anatanguliwa na Kulwa, hata mtoto mdogo anajua hilo, na mimi sijawahi kukuuliza Kulwa yuko wapi."

Machozi yalinitoka, dada, sikuweza kuyazuia. Nikamwona anainuka kwenda kwenye mtungi. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa pikipiki. Nikamwambia, "Kaa, tafadhali. Usinichotee maji. Wewe ndiye mfiwa."

Akachota, akaniletea. Akasema, "Yule wa msibani sikumuuliza. Wewe nimekuuliza."

Nikanywa. Nikamwambia kwamba Kulwa alikuwa anapenda ubuyu mpaka meno yanakuwa mekundu, na kwamba alikuwa akimwonea Doto. Nikaishia hapo, kisha nikamuuliza kama na Tumaini alikuwa akiwaonea wadogo zake. Yaliyobaki nimeyameza, nawe ndiye nakuletea, maana ulikuwepo. Siku nikipiga simu usiniambie nimshukuru Mungu kwamba Doto yupo. Nashukuru. Nisikilize tu, na umtaje Kulwa kwa jina, hata mara moja.

Jua limeanza kushuka, nafunga barua nikae vizuri mlangoni. Mwamkie mama, mwambie ajipake ile dawa na asibebe maji. Mwamkie mjomba mchungaji wa mbuzi, na wifi aliyejifungua, nimemwekea mchele kwenye mfuko wa Masunga. Shemeji mwambie bado namdai ile hadithi ya fisi aliyoiacha katikati.

Namsikia Mama Tumaini anaita kutoka kwake. Ananiita kwa jina hilo jipya analoniita tangu jana, na nimeitika kabla sijafikiri.

Mdogo wako,
Kabula,
Mama Kulwa