Matundu Kwenye Stola

Kaka yangu kipenzi,

Huku hatujambo, ila paa la jiko bado linavuja. Mama hashikiki! Sokoni sasa anaitwa Mama Padri, na keshaalika watu kwenye misa utakayokuja kumsomea marehemu baba.

Stola yako nyeupe uliyoitanguliza imefika, nimeifua. Mama ndiye aliyekununulia, ulipotuandikia kwamba umeshapewa upadri, sherehe ambayo hata hatukualikwa. Sasa nieleze. Padri huivaa shingoni, ncha mbili zikaning'inia mbele sawasawa. Mbona hii imechakaa bega la kushoto tu, na usawa wa nyonga ya kulia ina matundu ya pini? Anayeivaa mshazari namna hiyo ni shemasi, na shemasi hasomi misa.

Kuna nini huko, kaka? Askofu amekukatalia, au ni wewe uliyekataa?

Mama sijamwambia. Stola nimeipiga pasi, matundu sikuyaziba. Kasula, lile joho la padri la kusomea misa, niliyokushonea uivae siku hiyo nimeifungia sandukuni, ufunguo ninao mimi. Ukifika, pitia kwangu kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nisiyekuamini.