Mpishi Hakutajwa kwa Sumu

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu kutoka Makorora. Kiukoo mimi ni bibi yako, ingawa nimemaliza kidato cha nne juzi tu, kwa hiyo usicheke. Mama hajambo, ila goti linamsumbua.

Umeuliza kama kweli babu yetu mpishi alimlisha sumu yule mvumbuzi wa Kizungu aliyekuwa akimpikia safarini, maana shuleni wanakutania. Hata mimi niliambiwa, "Usile vya huyu, kwao wameua Mzungu!" Nilikwenda maktaba kusoma tafsiri ya shajara za watu wawili waliosafiri na huyo Mzungu.

Nilishuku wamenakiliana. Lakini mmoja anasema alikufa usiku, mwingine alfajiri. Wote wameandika, siku kwa siku, homa, macho ya manjano na mkojo mweusi, dalili za malaria kali. Sumu inatajwa mara ya kwanza katika kitabu cha miaka mingi baadaye, cha mtu ambaye hakuwepo. Kisha kila msimulizi akaongeza lake: kwanza uji, halafu kikombe, mwisho jina la babu.

Shajara nazo sijaziamini zote. Walioziandika wangeweza kuficha mambo. Ila nimeona jambo moja wasilokuwa na sababu ya kulibuni: baada ya mazishi, waliendelea kula mapishi ya babu mpaka wakafika Pangani.

Bibi yako,
Mwanaidi